Kabla hujalipa dola 180: maswali ya watafiti chipukizi wa Kigoma kuhusu majarida ya kitapeli na makongamano hewa

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa, mengi yakiulizwa na vijana wanaofanya utafiti wa uvuvi, kilimo na afya hapa Kigoma huku wamesajiliwa vyuo vya mbali. Mengine nilijiuliza mwenyewe nikiwa nimeshachelewa. Kila kinachoelezwa hapa unaweza kukifanya kwa simu na bando la kawaida.

## Mambo ya msingi

Jarida la kitapeli ni lipi hasa?

Ni jarida linalochukua ada ya uchapishaji bila kutoa huduma unayoilipia. Huduma hiyo ni uhakiki: wataalamu wawili au watatu wa fani yako wanasoma mswada, wanauliza maswali, wanakuonyesha makosa, na mhariri anaamua. Jarida la kitapeli linaruka hatua hiyo. Linapokea faili, linaliweka kwenye tovuti, linatuma ankara.

Neno la Kiingereza linaloyafananisha majarida haya na wanyama wawindaji lilienezwa na mkutubi Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, kuanzia mwaka 2010. Mimi nasema "ya kitapeli" kwa sababu kila mtu wa Mwanga au Ujiji anajua tapeli ni nani.

Je, jarida likidai ada tu, tayari ni la kitapeli?

Hapana. Majarida mengi mazuri yanayosomwa bure hulipiwa na mwandishi, na baadhi hutoza zaidi ya dola 2,000. Mengine hayatozi chochote. Ada ndogo nayo haithibitishi kitu, kwani majarida mengi ya kitapeli yanalenga watu wa nchi kama yetu na yanapanga bei ambayo mhadhiri msaidizi anaweza kuikopa kwa shemeji. Angalia kama ada ilitajwa wazi kabla hujatuma mswada, na kama kulikuwa na kazi yoyote kati ya kutuma na kudaiwa.

Je, jarida la Afrika au India ni la kuogopa?

Woga huu umewaumiza wahariri wengi waaminifu. Majarida ya vyuo vyetu mara nyingi yana tovuti mbovu, matoleo yanachelewa, na Kiingereza chake kina mikwaruzo. Huo ni umaskini, si utapeli. Mahali pazuri pa kuanzia ni AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998, kwenye `ajol.info`. Jarida likiwa humo unaweza kuona matoleo yake yote na taarifa za wahariri. Kutokuwemo peke yake hakulitii hatiani.

Nikidanganywa napoteza nini zaidi ya fedha?

Makala. Fedha unaweza kuzitafuta tena, lakini data ya misimu miwili ikishawekwa kwenye tovuti ya tapeli, jarida halali litasema imekwisha kuchapishwa na litaikataa. Mimi nililipa dola 150 miaka ya nyuma kwa jarida nisilolitaja. Baada ya muda tovuti ilizimika na makala ikazimika nayo. Nilipopeleka faili la kupandishwa cheo, kamati iliniuliza makala iko wapi. Sikuwa na kiungo cha kuwaonyesha.

## Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Nitajuaje kama kweli mswada wangu ulisomwa?

Nitajibu kwa kisa cha binti mmoja aliyeniletea simu yake nje ya soko la Kibirizi. Alikuwa amelinganisha dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye vichanja, akipima unyevu uliobaki baada ya siku moja na mbili za jua. Kazi nzuri. Siku ya Jumatatu alipata baruapepe ikimwita "Profesa Mheshimiwa", ingawa ndiyo kwanza anamaliza shahada ya uzamili. Jumatano alituma mswada. Jumamosi ulikubaliwa "bila marekebisho", na ankara ya dola 180 ikaambatanishwa. Akilipa ndani ya saa 48, dola 130.

Nilimwomba anifungulie mswada wenyewe. Kwenye Jedwali la 2 vichwa vya safu mbili vilikuwa vimebadilishana nafasi. Kwa jedwali lile, dagaa wa mchangani walikuwa wakavu kuliko wa kichanja, ilhali maelezo chini yake yalisema kinyume. Yeye mwenyewe hakuwa ameliona. Mtu yeyote aliyesoma kurasa mbili kwa makini angeuliza. Hakuna aliyeuliza, kwa hiyo hakuna aliyesoma.

Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Uhakiki wa kweli unaacha alama: swali kuhusu sampuli, lawama kuhusu takwimu, ombi la marejeo uliyoyasahau. Mara nyingi unachukua miezi, na unauma. Barua ya kukubaliwa isiyo na swali hata moja kuhusu maudhui yako ni dalili mbaya hata kama umeandika vizuri sana.

Kwani utapeli huo umewahi kupimwa, au ni hisia zenu tu?

Umepimwa. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotunga makala ya uongo yenye makosa ya wazi ya kisayansi, akaituma kwa sura tofauti tofauti kwenye majarida 304. Wakati anaandika, majarida 157 yalikuwa yameikubali na 98 yameikataa. Baadhi ya yaliyokubali yalikuwa ya wachapishaji wanaoheshimika, kwa hiyo jina kubwa pekee si kinga.

Nilinganishe nini kabla ya kulipa?

Tuliketi na yule binti chini ya mwembe tukafanya mambo manne. Yalituchukua chini ya saa moja, nusu yake tukisubiri mtandao.

Kwanza, namba ya ISSN, yaani namba ya utambulisho wa jarida. Tuliinakili kutoka tovuti ya jarida na kuitafuta kwenye `portal.issn.org`. Namba ilikuwepo, lakini jarida lililojiita la Marekani lilisajiliwa nchi nyingine kabisa. Hapo hatukusema bado kwamba ni tapeli, ila tulijua limedanganya kuhusu nyumbani kwake.

Pili, madai ya kuorodheshwa. Ukurasa wa mbele ulikuwa na nembo ya Scopus, orodha kubwa ya kimataifa ya majarida ya kitaaluma. Tulifungua `scopus.com/sources`, tukachagua kutafuta kwa ISSN. Hakuna kitu. Orodha hii ni ya bure na haihitaji akaunti ya chuo. Usitafute kwa jina, maana majina ya majarida yanafanana kama majina ya maduka.

Tatu, tulisoma toleo la mwisho. Lilikuwa na makala kuhusu saruji, shinikizo la damu, mikopo ya vikundi na magonjwa ya mbuzi, yote katika jarida linalojiita la sayansi ya majini. Tukachagua moja iliyokaribia fani yake. Mwandishi alikuwa amechanganya dagaa wa Ziwa Victoria na wa Tanganyika kana kwamba ni samaki mmoja. Ni ukoo tofauti kabisa. Dagaa wetu wa Kigoma ni ndugu wa sadini, wa Victoria si ndugu wa sadini hata kidogo, ingawa sokoni wote huitwa dagaa. Mhakiki anayeijua fani hawezi kuliacha hilo lipite.

Nne, bodi ya wahariri. Tulichagua jina moja, tukalitafuta kwenye tovuti ya chuo chake, tukamwandikia kwa anwani iliyoko chuoni. Usitumie anwani iliyoko kwenye tovuti ya jarida, kwa sababu hiyo inaweza kuwa ya tapeli yule yule. Jibu lilirudi baada ya siku tatu: alikuwa ameshaomba mara mbili jina lake liondolewe.

Hakulipa.

## Alama zinazowachanganya wengi

Jarida lina ISSN. Si inatosha?

Haitoshi. ISSN ni kama namba ya usajili wa pikipiki, inatambulisha chombo bila kusema dereva anajua kuendesha. Kituo kinachotoa namba hizi hakipimi ubora wa makala. Faida yake kwako ni ile niliyoieleza kwenye mfano: kulinganisha jina, nchi na anwani ya tovuti na kile jarida linachojisemea.

Tovuti inasema kipimo chake cha athari ni 7.8. Nikiamini?

Kipimo kinachotambulika kwa jina la Impact Factor, kinachoonyesha makala za jarida hunukuliwa mara ngapi kwa wastani, hutolewa na kampuni moja tu, Clarivate. Tafuta jarida kwenye `mjl.clarivate.com`. Lisipokuwemo, ile 7.8 imetoka hewani au imenunuliwa kwa moja ya makampuni yanayouza vipimo vya kubuni vyenye majina yanayokaribiana. Google Scholar nayo si mamlaka. Inazoa chochote kinachofanana na makala, pamoja na takataka, kwa hiyo kuonekana humo hakuthibitishi lolote.

Scopus imeliandika, lakini kuna maneno "coverage discontinued in Scopus". Maana yake nini?

Scopus iliacha kulichukua. Huenda jarida lilifungwa tu au lilibadili jina, na huenda liliondolewa kwa ubora mbovu. Kwako matokeo ni yale yale: makala mpya haitahesabiwa kuwa ya Scopus. Soma miaka iliyoandikwa karibu na hayo maneno. Kuna majarida yanayoendelea kubandika nembo miaka mingi baada ya kuondolewa, na hapa ndipo hata maprofesa wananaswa, maana wanalikumbuka jarida lilivyokuwa zamani.

Na DOAJ?

DOAJ, kwenye `doaj.org`, ni orodha ya majarida yanayosomwa bure, ilianzia Chuo Kikuu cha Lund mwaka 2003. Baada ya aibu ya jaribio la Bohannon na malalamiko mengine, iliyataka majarida yote yaombe upya, na mwaka 2016 ikaondoa majarida yapatayo 3,300. Ukilikuta jarida humo, kiasi cha ada kimeandikwa, kwa hiyo linganisha na ankara yako. Jarida la kulipiwa usajili na wasomaji halitakuwemo hata likiwa bora, kwa sababu orodha hii haihusu majarida ya aina hiyo.

Nimeambiwa kuna orodha ya Beall. Bado inafaa?

Aliiondoa mtandaoni Januari 2017. Nakala zinazozunguka nyingi ni za siku hizo, na nyingine zimeongezewa majina na watu wasiojitambulisha. Ukilikuta jarida lako humo, chukulia ni kengele ya kukufanya urudi kwenye hatua nne. Usipolikuta usifurahi, maana tovuti mpya zinazaliwa kila wiki.

Jarida ni la kweli kabisa, nalijua. Kuna hatari gani tena?

Kutekwa jina. Tapeli anajenga tovuti inayofanana na ya jarida halali, anatumia jina lake na ISSN yake, kisha anakusanya ada. Ukitafuta ISSN utaikuta halali, Scopus utaikuta pia, hivyo hatua mbili za kwanza zitakudanganya. Dawa ni kuingia kwenye tovuti kupitia portal ya ISSN, usibonyeze kiungo kilichokuja kwenye baruapepe. Kisha linganisha herufi za anwani moja moja. Tangu 2022 tovuti ya Retraction Watch, inayofuatilia makala zilizofutwa, ina orodha ya majarida yaliyotekwa iitwayo Hijacked Journal Checker, na kuitazama ni bure.

## Makongamano hewa

Nitalijuaje kongamano hewa?

Kongamano hewa ni la namna mbili. La kwanza linafanyika kweli: ukumbi mdogo wa hoteli, watu kumi na watano wa fani zisizohusiana, kila mmoja anasoma slaidi zake dakika kumi na kuondoka na cheti. La pili halipo kabisa.

Kwa la kwanza, soma jina. Likiunganisha uvuvi, uhandisi, uuguzi na benki katika siku moja, hakuna atakayekuuliza swali la maana kuhusu dagaa wako. Angalia pia mratibu mwenyewe. Tovuti yenye makongamano kadhaa siku ile ile, hoteli ile ile, na tarehe zilizopangwa hadi miaka mitatu mbele, ni kiwanda. Kisha tuma ikisiri na uhesabu saa. Ikikubaliwa usiku huo huo, kamati ya kisayansi haikuketi.

Kwa la pili, piga simu ukumbini. Kama wanasema ni Arusha kwenye kituo cha mikutano cha AICC, tafuta namba ya kituo mwenyewe, uliza ofisi ya uhifadhi wa kumbi kama tarehe hiyo ina tukio hilo. Kwa hoteli ni hivyo hivyo. Swali lenyewe ni la dakika mbili, na nauli ya kwenda na kurudi Kigoma inatosha kuhalalisha simu moja.

Wametuma mwaliko: tiketi ya ndege wanalipa wao, mimi nilipie hoteli tu. Ni kweli?

Sijawahi kuuona ulio wa kweli. Mchezo huu ni wa zamani. Kongamano linasemwa litafanyika sehemu mbili, kwa mfano Marekani kisha Dakar, wafadhili wanagharamia viza na ndege, wewe unaombwa ulipie hoteli ya sehemu ya pili kupitia "wakala" wao. Ndege haipo, hoteli ama haipo ama haijui lolote. Wanatumia majina ya mashirika yanayoheshimika, na watu wa asasi zetu ndogo za Kigoma wamekuwa wakipokea barua hizi kwa sababu anwani zao ziko wazi kwenye tovuti. Kongamano halali hukuruhusu uweke hoteli mwenyewe popote unapotaka.

Majina ya wazungumzaji wakuu ni makubwa. Wanaweza kudanganya hadharani hivyo?

Wanaweza. Mwaka 2016 tume ya Marekani inayolinda watumiaji, FTC, iliishtaki kampuni ya OMICS kwa kudanganya kuhusu uhakiki, kuficha ada hadi makala ikubaliwe, na kutangaza makongamano kwa majina ya wanazuoni ambao hawakukubali kushiriki. Machi 2019 mahakama ya shirikisho Nevada iliamuru ilipe zaidi ya dola milioni 50. Kwa hiyo mwandikie mzungumzaji mmoja kama nilivyoeleza kwa bodi ya wahariri.

## Fedha na heshima

Nilipe vipi ili niwe salama?

Mchapishaji halali hutoa ankara yenye jina la kampuni au chuo, na akaunti iko kwa jina hilo hilo. Jarida la chuo cha umma nchini kwetu hulipwa kwa kontroo namba kama malipo mengine ya serikali. Mtu akikwambia ni mhariri wa jarida la chuo cha umma kisha akataka utume kwenye namba yake ya simu, piga ofisi ya jarida kwanza. Ankara yenye jina la mtu binafsi, au punguzo linaloisha baada ya saa 48, viweke kando.

Sina fedha za jarida zuri. Si nichague la bei nafuu?

Kwanza uliza msamaha wa ada. Tanzania iko Kundi A la mpango wa Research4Life, unaozipa nchi za kipato kidogo machapisho ya utafiti bure au kwa bei nafuu, na wachapishaji wengi wakubwa hufuta ada yote kwa waandishi wa kundi hilo kwenye majarida yao yanayosomwa bure kikamilifu. Omba wakati wa kutuma mswada. Ukisubiri ukubaliwe, wengine hukataa. Angalia pia mwandishi anayewasiliana na jarida ametajwa kutoka nchi gani, kwani mshirika wako wa Ulaya akiwekwa hapo msamaha unaweza kupotea.

Kuna kaka kwenye WhatsApp anauza nafasi kwenye makala ya Scopus. Nikae nafasi ya tatu?

Hapana. Huko ni kununua uandishi wa kazi usiyoifanya, na makala za namna hiyo zinaendelea kufutwa pamoja na majina yote yaliyomo.

Msimamizi wangu ndiye aliyenielekeza kwenye jarida hilo. Nimwambieje?

Usimpelekee hukumu, mpelekee ulichokiona. Yule binti wa dagaa aliandika: "Shikamoo Profesa. Nimetafuta ISSN ya jarida tulilozungumza kwenye orodha ya Scopus sijaiona, nimeambatanisha picha ya skrini. Naomba unisaidie kuangalia kama nimekosea mahali." Profesa alijibu siku hiyo hiyo kwamba yeye pia alipata jina hilo kwa mwenzake na hakuwa ameliangalia.

## Umeshaingia mtegoni

Nimetuma mswada, sijalipa. Nitokeje?

Usitie saini fomu ya kuhamisha hakimiliki. Andika barua fupi ya kuondoa mswada, tarehe iwepo, useme hutoi ruhusa uchapishwe, kisha hifadhi nakala. Wengi watadai ada ya kuondoa. Yule binti alidaiwa dola 90. Hakujibu tena. Vitisho vilikuja mara tatu, cha mwisho kikiwa na neno "mwanasheria" lililokosewa tahajia, kisha kimya.

Wameichapisha bila ruhusa yangu na bila malipo. Je, makala imekufa?

Si lazima. Andika tena kudai iondolewe, ukiambatanisha barua ya kwanza. Piga picha ya ukurasa wao. Kisha, kabla ya kutuma kwingine, mwandikie mhariri wa jarida jipya na mweleze kila kitu pamoja na ushahidi wa tarehe. Wahariri wengi hupima kisa chenyewe kilivyo, hasa pale ambapo hukusaini wala kulipa. Ukinyamaza na programu ya kukagua maandishi yanayofanana ikaikuta, utaonekana wewe ndiye uliyetuma sehemu mbili.

Nimeshalipa kwa kadi jana.

Piga benki leo, useme unapinga muamala kwa huduma ambayo haikutolewa, uwe na barua ya kukubaliwa na matangazo yao ya uhakiki. Muda wa kupinga una kikomo. Ukiwa umetuma kwa mtandao wa simu au wakala wa fedha, uwezekano wa kurudishiwa ni mdogo sana. Toa taarifa kwa mtandao wako hata hivyo, na uandike barua ya kuondoa mswada siku hiyo hiyo, kwa sababu fedha ikiwa imekwenda, makala bado inaweza kuokolewa.

Yule binti alirekebisha Jedwali la 2 na kuutuma mswada kwa jarida jingine. Wahakiki wawili walimrudishia maswali kumi na tisa. Moja lilimtaka aeleze mvua ya alasiri ilivyoathiri dagaa waliokuwa mchangani, na akarudi Kibirizi kupima tena.